DUA KATIKA SIKU YA MASHUJAA: TUSIMAME KWA ZAMU, TUSICHANGANYE

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, kila ifikapo tarehe 25 Julai nchi yetu huadhimisha Siku ya Mashujaa, na kila inapoadhimishwa viongozi wa dini huitwa mbele ya hadhara ili waombe dua. Katika sherehe ya kitaifa watu wamezoea kuona mkuki na ngao, sime, upinde na mishale na shada la maua vikiwekwa kwenye mnara wa kumbukumbu, kisha sheikh, padri na mchungaji wakisimama kuomba. Mfano huo ndio unaoigwa mikoani na wilayani, hata hapa petu Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu. Lakini ukiuliza ni nani aliyeamua nani asimame, kwa maneno gani na kwa mpangilio upi, mara nyingi utajibiwa kwamba ndivyo ilivyozoeleka. Mazoea si uadilifu. Ndiyo maana tumeona tulizungumze jambo hili kwa utaratibu, kabla ya kalamu ya mwandishi wa ratiba kukauka.

Hadhara hii ni ya nani?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 3, inaitaja nchi yetu kuwa ni isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inauweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maana yake ni kwamba ofisi ya Mkuu wa Wilaya inapoandaa shughuli ya raia haina dini ya kuipigia debe, wala haina mamlaka ya kutunga ibada. Ina mamlaka ya kugawa nafasi na muda tu. Wenye dini ndio wenye dua zao.

Tukilishika jambo hilo, mengi yatatufungukia. Kwa kawaida kamati za maandalizi huelekea katika njia mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza ni kutunga dua moja inayochanganya kila kitu, isomwe na mtu mmoja na kuitikiwa na wote. Ya pili ni kila dini kusimama kwa zamu yake na kuomba kwa itikadi yake, na wengine wakakaa kwa adabu. Sisi tunasema njia ya pili ndiyo ya haki, na tunasema hivyo kwa ajili ya Waislamu na kwa ajili ya wasiokuwa Waislamu pia. Dua iliyochujwa hadi ikakosa ladha haimridhishi mwenye imani yeyote. Isitoshe, yule aliyepewa kazi ya kuichuja atakuwa amekwisha kuamua, kwa niaba ya wengine, lipi katika dini zao ni la kuachwa.

Katika vitabu vya sira imesimuliwa kwamba ujumbe wa Wakristo wa Najrani ulipofika Madina, wakati wao wa sala uliingia wakiwa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Baadhi ya maswahaba walitaka kuwazuia, Mtume akaamuru waachwe, nao wakasali wakielekea mashariki. Tazama, ewe ndugu, mambo mawili katika kisa hiki: hawakuzuiwa, na hakuna aliyejiunga nao. Mahali pakawa pamoja na ibada ikabaki mbalimbali. Hiyo ndiyo maana ya Suratul-Kaafirun kwa anayeizingatia. Kila mmoja ana dini yake, na wala haihitajiki ugomvi ili kuithibitisha.

Neno moja linaloweza kuharibu ratiba

Sasa tuje kwenye maneno, kwani hapa ndipo penye mtego usioonekana. Ratiba nyingi huandika: "Viongozi wa dini kuwaombea mashujaa waliotutoka." Sentensi ni fupi na nia ni njema. Lakini hebu tuipime.

Mashujaa tunaowakumbuka, wakiwemo waliolazwa katika makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, walikuwa watu wa dini mbalimbali. Sheikh akiambiwa awaombee wote, anawekwa katika jambo zito. Kumwombea maghfira aliyekufa nje ya Uislamu ni jambo ambalo wanavyuoni wamelizuia kwa kutegemea aya ya 113 ya Suratut-Tawba. Ama akivunja mipaka hiyo ili asiudhi hadhara, ama aombe kwa Waislamu peke yao na aonekane amewabagua waliomwaga damu kwa ajili ya nchi moja.

Wala si sheikh peke yake. Kanisa Katoliki huwaombea wafu, na misa za marehemu ni sehemu ya ibada zake. Wachungaji wengi wa Kiprotestanti, na hasa wale wa makanisa ya Kiinjili, ya Kipentekoste na Wasabato, hawawaombei waliokufa. Wao huwaombea walio hai waliofiwa. Basi maneno "kuwaombea mashujaa" yamekwisha kupendelea upande mmoja kabla hata kipaza sauti hakijawashwa, na aliyeyaandika hakuwa na habari. Yanamweka padri mahali pake, yanamfunga sheikh nusu, na yanamfunga mchungaji kabisa.

Dawa yake ni nyepesi. Kichwa cha kipengele kiandikwe: "Kuwakumbuka mashujaa na kuiombea nchi." Kukumbuka ni kwa wote na hakumlazimishi yeyote kufanya ibada. Kuiombea nchi amani, kuwaombea wajane na mayatima wa mashujaa hao wafarijiwe, kuwaombea viongozi uadilifu, kuiombea Meatu mvua ya kheri na mavuno ya pamba: hayo kila mwenye dini aliye hai anaweza kuyaomba bila kuvunja itikadi yake. Ndani ya kichwa hicho padri akitaka kuwataja marehemu kwa imani yake, ana uhuru. Sheikh akitaka kuwaombea maghfira Waislamu waliotangulia, kisha akawaombea familia zote subira na riziki, naye ana uhuru. Mchungaji akiwaombea walio hai tu, hakuna atakayemwuliza.

Tunapendekeza pia kamati isimkataze mtu kutaja anachokiamini. Sheikh aanze kwa Bismillah na kumswalia Mtume (S.A.W.), na padri ahitimishe kwa jina analolihitimishia siku zote. Mipaka iwe mitatu tu, nayo iandikwe katika barua ya mwaliko: aombe na asihubiri, asitaje kwa ubaya dini au dhehebu la mwingine, na asimpigie kampeni mwanasiasa. Anayemwambia Mola wake maneno yaliyokusudiwa kumchoma jirani aliyekaa nyuma yake ameacha kuomba, ameanza kuhutubia.

Nafasi ni za dini au za madhehebu?

Hili ndilo linalozaa minong'ono mingi baada ya sherehe. Chukua mfano wa kamati inayotaka kumridhisha kila mtu. Inamwalika sheikh wa wilaya, padri, mchungaji kutoka makanisa yaliyo chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, mchungaji wa Kipentekoste, na mchungaji wa Kisabato, kwa kuwa Wasabato hawamo katika jumuiya hizo nyingine. Kila mmoja anapewa dakika tatu. Kwa macho ya mwandishi wa ratiba, wote wako sawa. Kwa macho ya aliyekaa uwanjani, Ukristo umepewa dakika kumi na mbili na Uislamu dakika tatu.

Mwenye kutetea hesabu hiyo atasema kwamba Wakristo ni wengi zaidi huku Usukumani. Huenda ikawa hivyo kwa macho, lakini hana takwimu rasmi ya kusimamia. Swali la dini liliulizwa kwa mara ya mwisho katika sensa ya mwaka 1967, na tangu hapo halikurejeshwa. Zaidi ya hayo, wingi si kipimo cha kugawa dakika katika hadhara ya raia, kwa sababu kama ungekuwa kipimo, basi huko Pwani mchungaji angenyimwa kipaza sauti kwa hoja hiyo hiyo. Tusiitake huku haki ambayo hatuko tayari kuitoa kule.

Rai yetu ni kwamba nafasi zihesabiwe kwa dini, kisha wenye dini wagawane wenyewe. Uislamu upewe nafasi mbili na Ukristo nafasi mbili, kila nafasi dakika tatu. Jumla ni dakika kumi na mbili. Barua ziandikwe kwa taasisi na si kwa mtu, na taasisi ndizo zitaje majina. Wakristo watakubaliana wenyewe nani asimame mwaka huu na nani mwaka ujao. Hilo haliihusu ofisi ya wilaya, wala halituhusu sisi.

Ama kwetu Waislamu, tuseme ukweli bila kumung'unya maneno. Ofisi za Serikali zimezoea kuandika barua moja kwa BAKWATA, baraza lililoundwa mwaka 1968, na jamaa wengine wasioongozwa nalo wakabaki kulalamika pembeni mwa uwanja. Nafasi mbili zinaliondoa tatizo hilo nusu. Nusu ya pili iko mikononi mwetu. Tukutane kabla, tushauriane kama Suratush-Shuura inavyowasifu waumini, tutoe majina mawili, na asiyetajwa aridhike. Kwenda kugombea kipaza sauti mbele ya Mkuu wa Wilaya ni aibu inayoupata Uislamu kabla haijampata mtu.

Je, wasiokuwa Waislamu wala Wakristo? Katika Meatu wapo wazee wanaoshika mila za mababu, na wapo wachache wa dini nyingine. Sisi hatukubaliani na itikadi zao na hatuoni haja ya kulificha hilo. Lakini aya ya 8 ya Suratul-Maaida inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kutowapenda watu. Jamii iliyoomba nafasi ipewe dakika zile zile tatu. Na kwa ambao hawakuomba, au hawana wa kuwasemea, iwekwe dakika moja ya kimya mwanzoni kabisa, ambamo kila mtu atakuwa na lake moyoni.

Nani aanze?

Watu huliona hili dogo, lakini ratiba inayoandika "sheikh atafungua kwa dua" na "padri atatoa baraka za kufunga", au kinyume chake, imekwisha kugawa vyeo. Wengine hukimbilia mpangilio wa alfabeti, wakisahau kwamba alfabeti haibadiliki. Mwenye herufi ya mbele leo atakuwa mbele hata baada ya miaka ishirini.

Njia safi ni kura. Nayo si ngeni kwetu. Mtume (S.A.W.), kama alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.) katika hadithi sahihi, alikuwa akitaka kusafiri hupiga kura baina ya wake zake. Suratu Aali Imran, aya ya 44, inaashiria kura iliyopigwa juu ya malezi ya Maryam. Kura huondoa manung'uniko kwa sababu haina jamaa.

Lakini isipigwe ovyo. Ukiandika vikaratasi vinne na kuvichanganya, huenda Waislamu wawili wakatoka wa kwanza na wa pili, na Wakristo wakabaki mwisho. Ipigwe kura moja tu, ya kujua dini ipi ianze. Kisha zipokezane: ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili. Kwa mpango huo aliyeanza hawezi kuwa wa mwisho, na aliyechelewa kuanza ndiye anayefunga. Hakuna aliyeshika ncha zote mbili. Kura ipigwe katika kikao mbele ya wawakilishi wote, matokeo yaandikwe katika muhtasari, na mwaka unaofuata zamu igeuzwe bila kupiga kura tena. Muhtasari huo ndio kinga ya Katibu Tawala atakapoulizwa.

Mshereheshaji na neno "amina"

Ratiba nzuri inaweza kuvunjwa na mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Tuliwahi kuhudhuria shughuli moja ambapo mshereheshaji aliwaamuru watu wote, na wanafunzi wa madrasa wakiwemo, wainamishe vichwa, wafumbe macho na waitikie amina kwa sauti kubwa zaidi. Watoto walitutazama wakitusubiri tuwape ishara, nasi tulikuwa hatuna la kuwaambia mbele za watu. Hakukuwa na ubaya katika nia yake. Yeye alidhani amina ni kama makofi.

Amina si makofi. Katika Suratu Yunus, aya ya 89, Allah (S.W.) anataarifu kwamba dua ya wawili imejibiwa, ilhali aliyetajwa kuomba ni Nabii Musa (A.S.) peke yake. Wafasiri wengi wameeleza kwamba Nabii Harun (A.S.) alikuwa akiitikia amina, naye akahesabiwa kuwa ameomba. Basi mwenye kuitikia ameshiriki, na kumwamuru mtu aitikie dua ya dini nyingine ni kumwamuru ashiriki ibada yake. Hili linamgusa Mkristo anayeamriwa kumwitikia sheikh kama linavyomgusa Mwislamu.

Mshereheshaji apewe maneno yaliyoandikwa, ayasome kama yalivyo: "Sasa tunamkaribisha mwakilishi wa dini fulani aombe kwa imani yake. Wenye imani hiyo wataitikia, na sisi wengine tutatulia kwa heshima." Amtaje kila mmoja kwa cheo anachotumia mwenyewe. Haipendezi mmoja aitwe "Baba" kwa unyenyekevu na mwingine aitwe "ustadhi" kwa haraka.

Wapo ndugu zetu wanaosema kwamba hata kuhudhuria tu hakufai. Tunawaheshimu, na tunajua wanakochukua hoja yao. Lakini kukaa katika shughuli ya raia kwa utulivu wakati mwingine anaomba ni jambo moja, na kuitikia au kufuata mikao ya ibada yake ni jambo jingine. La pili tunalikataa. La kwanza, kwa rai yetu, halimtoi mtu katika dini yake, na aya ya 8 ya Suratul-Mumtahina haituzuii kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita. Ambaye moyo wake haukutulia, asilazimishwe na mwaliko, wala asilazimishe wengine.

Siku na saa

Kwa kumalizia tuitazame kalenda. Tarehe 25 Julai ya mwaka 2025 ni Ijumaa, ya mwaka 2026 ni Jumamosi, na ya mwaka 2027 ni Jumapili. Miaka mitatu mfululizo, siku hiyo hiyo ya raia inagusa Ijumaa yetu, Sabato ya Wasabato, na Jumapili ya Wakristo wengine. Hakuna anayeweza kusema kwamba jambo hili linamhusu mwenziwe peke yake. Jumamosi haifai kumdai Msabato aache ibada yake ya asubuhi, kama ambavyo Ijumaa haifai kuurefusha mkutano hadi khutba ikapita.

Mwezi Julai hapa Mwanhuzi jua hupinduka karibu na saa saba kasoro dakika kumi mchana. Shughuli ikianza saa tatu asubuhi, na kipengele cha dua kikatumia robo saa, yaani dakika kumi na mbili za dua, moja ya kimya na mbili za kuitana, hakuna sababu ya kufika Adhuhuri. Na ikifika, isifunikwe na muziki. Tarehe 22 Machi 2021, katika maziko ya kitaifa ya Rais Magufuli pale Dodoma, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliisikia adhana akiwa katikati ya hotuba yake. Akanyamaza hadi ilipokwisha, ndipo akaendelea. Hakusilimu kwa kunyamaza kule, wala hakuna Mkristo aliyepungukiwa na kitu.

Ndugu Waislamu, yapo watakaosema tunapoteza wino kwa mambo ya dakika tatu tatu. Tunawakumbusha kwamba Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, katika kanda yetu hii ya Ziwa, mzozo wa nani achinje ulifikia hadi mchungaji akauawa. Nao ulianza kwa jambo la mazoea ambalo watu hawakuwahi kukaa pamoja kuliandikia utaratibu unaokubalika na pande zote. Maneno ya kichwa cha kipengele, kura moja, na karatasi ya mshereheshaji ni vitu vinavyoandaliwa katika kikao kimoja cha asubuhi. Basi tuombe kikao hicho kiitishwe mapema, twende na rai zetu zikiwa zimeandikwa, na tuwatakie wengine lile tunalojitakia wenyewe.

Wabillahi tawfiq. Wallahu a'alam.